SOMO: Kichekesho cha gazeti, na kwa nini usikiandike ubaoni

Naandika haya mara moja, nipate pa kuwaelekeza wote wanaoniuliza. Nafundisha Kiingereza kidato cha pili hapa Moshi, na haipiti wiki sijaulizwa: "Mwalimu, kile kichekesho cha gazeti kinachekesha wapi?" Wengi wamekariri swali na jibu, wanacheka wenzao wakicheka, lakini utamu wenyewe haujawafikia. Nakichukua hicho kimoja. Ukikifungua hiki, vingine vya aina yake utavifungua mwenyewe.

Swali: "What is black and white and red all over?"
Jibu: "A newspaper."

Hatua ya 1. Tafuta neno linalogombana na jibu. Gazeti lina weusi na weupe, sawa. Wekundu? Hapana. Basi neno letu ni "red".

Hatua ya 2. Funga daftari, tamka neno hilo kwa sauti, ujiulize sikio lingeweza kusikia neno gani jingine. Hapa ni "read", kusoma, lakini si ile inayotamkwa "rid". Kitenzi hiki kinaandikwa read, read, read, ila umbo la pili na la tatu hutamkwa "red".

Hatua ya 3. Andika maana zote mbili kwa Kiswahili. Ya kwanza: chekundu mwili mzima. Ya pili: linasomwa kila mahali. Umeona? Hata "all over" imegeuka. Wengi huishia kwenye "red" na kuliacha hilo, na ndiyo maana wanabaki na kichekesho nusu.

Hatua ya 4. Hakikisha kwenye kamusi yenye alama za matamshi. Rangi ni /red/. Umbo la tatu la kusoma ni /red/. Zikilingana herufi kwa herufi, kichekesho ni halali.

Hatua ya 5. Kisimulie kwa mdomo. Usikiandike.

Hapa niliharibu, tena mara mbili siku moja. Mkondo A niliandika swali zima ubaoni, na mkono ukaandika "read". Mtoto wa dawati la mbele akasema gazeti kabla sijaweka chaki chini. Hakukuwa na cha kucheka, kwa sababu nilikuwa nimeshawapa jibu. Nikaingia mkondo B, nikaandika "red". Safari hii walitafuta kitu chekundu kwa bidii, na nilipotaja gazeti wakabisha. Mmoja akatoa kwenye begi gazeti lenye kichwa cha wino mwekundu, na darasa zima likaridhika kwamba hiyo ndiyo maana yake. Nilitumia dakika zilizobaki kulibomoa jibu hilo.

Sababu ni kwamba chaki lazima ichague tahajia moja, na sikio halilazimiki kuchagua. Sisi jambo hili linatupita kwa sababu ya lugha yetu. Ukiandika "kaa amekaa juu ya kaa", yule wa baharini, kitendo cha kuketi na lile la moto vyote vinaandikwa sawa, kwa hiyo mchezo unabaki mzima hata kwenye karatasi. Kiingereza kina maneno mengi yanayofanana mdomoni na kuachana kwenye karatasi. Mchezo huu unaishi mdomoni tu.

Tahadhari mbili za hatua hii. Kwanza, usiongeze irabu mwishoni. Ukisema "redi" msikilizaji atasikia "ready", tayari, na hapo hakuna rangi wala kusoma. Ishia kwenye d. Pili, usitue kabla ya "red" wala usiikazie. Nyeusi na nyeupe zimewekwa mbele makusudi, ili sikio lizoee rangi na neno la tatu lipite kama rangi nyingine. Ukisita, umewaonyesha mtego ulipo.

MASWALI YA WANACHAMA

Kidato3_Arusha: mwalimu naomba tafsiri ya kichekesho chote kwa kiswahili

Haipo. "Nyekundu" na "imesomwa" hazifanani kwa lolote. Soma hatua ya 3.

Mgumu_wa_Marangu: Mwalimu habari za kazi. Mimi naongoza wageni mlimani. Juzi mezani pale Horombo niliwapa ile ya namba: "Why was six afraid of seven? Because seven eight nine." Walitabasamu kwa adabu tu. Nilikosea nini?

Nzuri, kaka, na asante kwa kutaja mahali penyewe. Niambie kwanza, neno la katikati ulilitamkaje?

Mgumu_wa_Marangu: Nilisema "et", maana shuleni tulifundishwa ate ni "et".

Basi ndiyo hiyo. Mwalimu wako hakukosea. Kamusi za Uingereza zinatoa matamshi mawili ya ate, /et/ na /eɪt/. Lakini namba nane ina moja tu, /eɪt/. Mchezo mzima ni kwamba msikilizaji adhani unahesabu saba, nane, tisa, kisha agundue kwamba saba amemla tisa, na ndiyo maana sita anaogopa. Ukisema "et", nane haipo, imebaki habari ya ulaji. Sema "eit", uhesabu kwa mwendo mmoja kama mtoto anayehesabu vidole.

NeemaWaSakina: Mimi nimetunga changu. Why did the cat go to hospital? Because it was cat. Yaani cut. Darasani walicheka sana.

Darasani kwenu lazima wacheke, dada, kwa sababu sisi tuna irabu tano na maneno yote mawili tunayatia kwenye "a" moja. Kwa Mwingereza hizo ni irabu mbili tofauti, /kæt/ na /kʌt/, hatasikia pacha wowote. Ndiyo kazi ya hatua ya 4. Vivyo hivyo "ship" na "sheep". Lakini umetunga mwenyewe, na wazo limekaa sawa. Jaribu na "flower" na "flour", hayo yanatamkwa sawa kabisa. Ua na unga, jikoni hapo hukosi kitu.

Kidato3_Arusha: naomba pdf ya vichekesho 100

Hakuna. Hatua ya 5 imeeleza sababu.

BabaNaike: Kwa nini read ibaki na tahajia moja, wakati lead ikienda wakati uliopita inaandikwa led?

Swali zuri sana. Zamani umbo la wakati uliopita la vitenzi hivi lilikuwa na d mbili, na irabu ndefu ikafupika mbele yake. Ndivyo tulivyopata feed na fed, lead na led. Read ilifupika vilevile mdomoni, ila tahajia ikabaki ya irabu ndefu. Ingekuwa imeandikwa "red" kama mwenzake led, hata ubaoni kichekesho cha gazeti kingesimama.

MwlMstaafu: Mwanangu, nyongeza. Mimi nilikuwa naanza na mbuzi. Nawaambia, "Mama amekalia mbuzi anakuna nazi." Anayemuona mnyama anacheka, anayejua kibao cha kukunia anacheka, ndipo naingia Kiingereza.

Shikamoo mwalimu. Jumatatu naanza na mbuzi wako. Na wanaotumiana vichekesho hivi kwenye simu, tumeni kwa sauti. Ukichapa, umeshachagua tahajia.