Kabla hujaenda kliniki ya sukari, vua viatu

Ukiambiwa una kisukari cha aina ya pili, pima macho, figo na miguu wakati huo huo. Sukari hiyo huenda imekaa mwilini miaka kabla haijagunduliwa. Mwenye aina ya kwanza huanza vipimo hivyo miaka 5 baada ya kugunduliwa. Kuanzia hapo ni kila mwaka, hata kama husikii kitu.

Macho: utatiwa matone ya kupanua mboni, na kwa saa kadhaa utaona ukungu. Nenda na mtu, pikipiki iache nyumbani. Kusoma herufi za ukutani hakutoshi. Mishipa ya nyuma ya jicho huvuja na wewe bado unausoma mstari wa chini kabisa.

Figo: omba kipimo cha protini iitwayo albumini kwenye mkojo na kreatinini kwenye damu. Kijiti cha kawaida cha mkojo hakioni protini ikiwa bado kidogo. Ukisubiri mkojo utoe povu au miguu ivimbe, umechelewa.

Sasa miguu. Mama yangu mdogo anauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Kila mwezi alipima sukari, akachukua dawa, akarudi sokoni. Hakuna aliyewahi kumwambia avue viatu, na yeye hakuona sababu, maana miguu ilikuwa imeacha kumuuma. Mwaka uliotangulia ilimwaka moto usiku hadi akaitoa nje ya shuka. Ilipotulia, alishukuru Mungu. Kumbe ilikuwa imekufa ganzi.

Jioni moja mjukuu wake akauliza, "Bibi, mbona kandambili yako inalia?" Kila akikanyaga sakafu ya saruji, kitu kilikwaruza. Tukamketisha, tukaigeuza kandambili: msumari wa mtumbwi ulikuwa umepita soli na kuingia nyayoni. Alishinda nao siku nzima, akibeba ndoo. Kidonda kikaoza, kidole gumba kikakatwa.

Mishipa ya fahamu iliyo mirefu ndiyo huathirika kwanza, kwa hiyo ganzi huanzia vidoleni na kupanda, mara nyingi miguu yote miwili. Nyumbani fanya hivi: mgonjwa afumbe macho, wewe mguse kwa ncha ya kidole, taratibu, sekunde moja au mbili, kidole gumba, cha kati na cha mwisho, kila mguu. Usibonyeze wala kupapasa. Akikosa miguso miwili au zaidi kati ya sita, apelekwe kliniki. Huko watamgusa kwa uzi maalumu wa nailoni unaopinda kwa uzito wa gramu 10. Mshipi wako wa kuvulia sato haufai, uzito wake haujapimwa.

Kung'uta viatu kabla ya kuvaa. Maji ya kuoga yapime kwa kiwiko. Juani pale wanapoanika dagaa usipite peku, mawe yale yanaunguza. Sugu usizikate kwa wembe. Na kioo kidogo cha kutazamia nyayo kila usiku, au mjukuu mwenye macho makali.