Kukadiria ujazo na uzito wa rundo la mbao kwa picha ya vichwa vyake

Mkulima wa miti wa Mafinga anayeuza mbao za msindano zilizokwisha kupasuliwa anaweza kupata ujazo wa rundo bila kulipangua, mradi urefu wa mbao unajulikana na picha imepigwa vizuri. Simama mkabala na katikati ya rundo upande wa vichwa, yaani ncha za mbao, rudi nyuma hatua kadhaa, kisha vuta picha kwa simu, kwa sababu ukipiga kwa karibu mbao za pembeni zitaonekana zimepinda na ndogo kuliko zilivyo. Weka futi kamba iliyokunjuliwa juu ya vichwa vyenyewe, si mbele yake, ili iwe kipimo ndani ya picha.

Kosa linalowagharimu watu ni kuzidisha upana, kimo na urefu wa rundo zima. Tuchukue rundo la mbao za sentimita 5 kwa 15, zenye urefu wa mita 3.6, lenye safu 20 za mbao 10 kila moja, zilizoachiwa nafasi ya sentimita 2 ubavuni na vijiti vya sentimita 2.5 kati ya safu. Kwa nje lina upana wa mita 1.68 na kimo cha mita 1.475, yaani karibu mita za ujazo 8.9, lakini karibu mita 3.7 za hizo ni hewa. Ukihesabu vichwa kwenye picha na kukuta safu ya juu imepungukiwa mbao 6, zimebaki 194. Kila ubao una mita za ujazo 0.027, hivyo mbao zenyewe ni takriban mita za ujazo 5.24.

Unene usiuamini kwa jina la saizi tu. Mbao zilizopasuliwa kwa mashine ndogo za dingdong hutofautiana unene, na milimita 3 zikipungua kwenye sentimita 5, ujazo unapungua kwa asilimia 6. Kwa hiyo pima vichwa kama kumi kutoka sehemu mbalimbali, uchukue wastani. Piga picha na upande wa pili pia, maana ubao mfupi uliofichwa katikati hauonekani ukitazamwa upande mmoja. Ikiwa mbao zote zimesawazishwa upande wa kwanza na vichwa vya upande wa pili ni pungufu, tofauti hiyo ndiyo idadi ya mbao fupi.

Kwa ujazo uleule, uzito hutegemea sana maji yaliyomo. Msindano mbichi unaweza kufikia kilo 850 kwa mita ya ujazo, na uliokauka kwa upepo ukawa karibu kilo 500. Rundo letu basi ni tani 4.5 au tani 2.6. Kwa gari la tani tatu na nusu, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mzigo utapakiwa wote. Pima kwa mizani ubao mmoja wa juu, mmoja wa katikati na mmoja wa chini, kwani za juu hukauka mapema, kisha zidisha wastani kwa 194. Ubao wa kilo 23 bado ni mbichi. Wa kilo 13 au 14 umekauka.