Somo: Fulana mbili za M, moja pana kuliko nyingine. Kiwanda kimekosea?

Wakuu, mara nyingi jibu ni hapana. Lebo ya M haisemi fulana ina sentimita ngapi hasa. Inasema imeangukia ndani ya mipaka ambayo mnunuzi na kiwanda walikubaliana kabla kitambaa hakijakatwa. Tuchukue upana wa kifua peke yake, maana ndiko malalamiko yanakotoka.

Hatua ya 1: Pima sawasawa. Tandaza fulana mezani, inyooshe kwa kiganja bila kuivuta, kisha pima kutoka upande hadi upande, sentimita 2.5 chini ya kwapa. Ukiivuta kidogo tu umeshajiongezea nusu sentimita ambayo haipo. Rudia mara 2. Majibu yakitofautiana, shida iko kwenye upimaji wako.

Hatua ya 2: Linganisha na karatasi ya vipimo, usilinganishe fulana kwa fulana. Tuseme karatasi inataka 52, na inaruhusu kupungua au kuzidi 1. Fulana ya kwanza ina 51.4, ya pili 52.8. Zote zimepita, ingawa zimeachana kwa 1.4. Huo ni upana wa upande mmoja. Ukizunguka kifua kizima tofauti inakuwa 2.8, ndiyo maana mwili unaihisi.

Hatua ya 3: Tafuta ile 1.4, yaani milimita 14, ilikotoka. Geuza fulana ndani nje uangalie mishono ya ubavuni. Kama mshono ulitakiwa kula milimita 7 na fundi wa ovaloki akala 9, kipande cha mbele kimepoteza milimita 2 kila upande. Hapo tayari ni milimita 4, na kwa macho mshono unaonekana safi kabisa.

Kisha kuna meza ya kukatia. Vitambaa hupangwa tabaka nyingi na kukatwa kwa pamoja. Kisu kikiinama, tabaka la juu linafuata mstari na la chini linatoka jembamba au pana zaidi. Milimita 2 kila upande, nyingine 4 hizo. Ndiyo sababu vipande vya rundo moja hubandikwa namba za tabaka: mbele ya tabaka la 40 ishonwe na nyuma ya tabaka la 40. Namba pia huzuia kuchanganya rangi za majora tofauti.

Zilizobaki, milimita 6, pasi ya mvuke inaziweza bila jasho, kwa sababu kitambaa cha fulana huvutika kikiwa cha moto. Dalili yake ni hii: upana ulioletwa na pasi hupotea baada ya kufua, wa mkasi haupotei.

Hatua ya 4: Angalia saizi inayofuata. Kama L ni 54.5, M kubwa kabisa ni 53 na L ndogo kabisa ni 53.5. Hazigusani. Ukiruhusu 1.5 badala ya 1, M inafika 53.5 na L inashuka hadi 53, yaani M inaweza kuipita L. Basi ruhusa isizidi nusu ya hatua kati ya saizi na saizi.

MASWALI

*Kwa nini tusidai milimita 2 tu, mambo yaishe?*
Kitambaa kinachovutika hakitulii kiasi hicho. Fulana nyingi nzima zitakataliwa, na gharama yake utailipa wewe. Ruhusa ndogo weka shingoni, kwa mfano 0.5, kwa kuwa pale hata kidogo huonekana.

*Jinsi zangu mbili, lebo moja, kiuno kimeachana karibu sentimita 2. Nazo zimepita?*
Huenda. Jinsi nyingi hufuliwa kiwandani baada ya kushonwa. Jora moja likirudi asilimia 2 zaidi ya jingine, kiuno cha 80 kinapungua 1.6. Kiwanda makini hupima kwanza kurudi kwa kila jora, kikayapanga kwa makundi na kulipatia kila kundi kiolezo chake. Kisichofanya hivyo huchanganya tu.

*Lakini si wanakagua?*
Wanapima vichache kwa kila saizi, si mzigo mzima. Kwa hiyo hata iliyovuka mpaka inaweza kukufikia.

*Mkuu, naagiza fulana 200. Niandike nini?*
Andika kipimo kinachukuliwa wapi, ni upande mmoja au mzunguko, kabla au baada ya kufua, na ruhusa ya kila kipimo. Ruhusa si lazima ilingane pande zote: kama wateja wako hulalamika inabana, andika kuzidi 1, kupungua 0.5. Usipotaja mzunguko au upande mmoja, ile 1 uliyodhani ni ya mzunguko inaweza kukurudia ikiwa 2.