Alama ndogo kwenye mchujo wa CV: jinsi ya kuomba maelezo yanayoeleweka

Kuna waajiri ambao ukiwatumia maombi ya kazi kupitia mfumo wa mtandaoni wanakurudishia namba tu. Mdogo wangu anaishi Moshi. Aliomba nafasi ya mhasibu msaidizi kwenye kampuni moja ya utalii hapa Arusha, akapata ujumbe kwamba CV yake ina alama 40 kati ya 100, na kiwango cha kupita ni 60. Basi. Ana stashahada ya uhasibu, NTA Level 6, na miaka mitatu kazini, na tangazo liliomba hayo hayo. Iliniuma kumwona anaanza kuamini kwamba hafai. Tulifuatilia mpaka tukapewa maelezo kamili. Muda mwingi ulipotea kwenye hatua ya kuomba, kwa hiyo hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

Kwanza elewa namba hiyo inapima nini. Mwajiri anaweka vigezo vya kazi na kukipa kila kimoja uzito wake. Mfumo unatafuta ndani ya maandishi ya CV ushahidi wa kila kigezo, kisha unajumlisha. Kinacholinganishwa ni karatasi na tangazo, na uwezo wako kazini haumo kwenye hesabu hiyo. Ndiyo maana alama inaweza kushuka kwa sababu tatu zisizofanana: mfumo haukusoma ulichoandika, au umekiandika bila kuonyesha ushahidi, au kweli huna. Maelezo yasiyokuambia ni sababu ipi kati ya hizo, kwa kila kigezo, hayatakusaidia chochote, hata yakiandikwa kwa upole wa namna gani.

Kabla ya kuandika barua, jaribu CV yako mwenyewe. Fungua ile PDF uliyotuma, bonyeza Ctrl+A kisha Ctrl+C, halafu bandika kwenye Notepad. Unachokiona hapo kinakaribiana na kile mfumo unachokipata. Kama hakuna kilichobandikwa, CV yako ni picha, labda ulipiga kwa simu au uliskani steshenari. Mifumo mingine hujaribu kusoma picha na mara nyingi hukosea. Kama maneno yapo lakini yamechanganyikana, mwaka wa kazi moja umekaa chini ya jina la kazi nyingine, tatizo ni mpangilio wa safu mbili au jedwali. CV ya mdogo wangu ilitengenezwa kwa kiolezo kizuri cha safu mbili, na kazi yake ya miaka miwili kwenye AMCOS ya kahawa ilikuwa ndani ya kisanduku cha pembeni. Tulipobandika, kisanduku chote hakikuonekana. Hifadhi matokeo hayo, maana ni ushahidi wako.

Sasa kuomba. Tulianza kwa simu. Mama wa mapokezi alikuwa mkarimu, akaitikia shikamoo vizuri, akasema vigezo havikutimia na ushindani ulikuwa mkubwa. Mdogo wangu akapanda gari kutoka Moshi kuja ofisini, karibu kilomita 80, akapewa jibu lile lile. Nauli ilikwenda bure kwa sababu swali lilikuwa "kwa nini sikuchaguliwa?" Swali hilo linajibika kwa sentensi moja ya jumla, na mtu wa mapokezi hana alama zenyewe mbele yake. Usisafiri. Andika barua pepe kwa afisa rasilimali watu, taja namba ya maombi yako, na uombe vitu vinavyohesabika.

Barua iliyotupatia majibu ilikuwa fupi:

"Ndugu Afisa Rasilimali Watu, niliomba nafasi ya mhasibu msaidizi na kupata alama 40. Naomba kupatiwa: (1) alama nilizopata kwa kila kigezo na uzito wa kigezo hicho, (2) sentensi za CV yangu zilizotumika kama ushahidi, na kigezo ambacho hakikuonekana ushahidi wake, (3) maandishi ya CV yangu kama yalivyosomwa na mfumo, (4) kama kuna mtu aliyeipitia CV yangu kabla ya uamuzi. Naomba hayo kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022."

Kipengele cha tatu ndicho kilichofungua mambo yote, usikiache. Cha nne nacho kina uzito wa kisheria. Sheria hiyo ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inakupa haki ya kuona taarifa zako, haki ya kuomba zirekebishwe zikiwa na makosa, na haki ya kudai kwamba uamuzi unaokugusa kwa uzito usifanywe na mashine peke yake. Taja sheria kwa heshima, mara moja, bila vitisho. Anayesoma barua ni mtu mwenye kazi nyingi, na unamhitaji. Usiombe alama wala CV za waombaji wengine. Hizo ni taarifa za watu wengine, na ukiziomba unampa afisa sababu ya kukataa barua nzima.

Majibu yalikuja yakiwa yamepangwa vizuri. Afisa aliyeyaandika ninamshukuru kwa dhati, kwa sababu alieleza kama mtu anayezungumza na mtu. Stashahada ilikuwa na uzito wa 20, akapata zote, ushahidi ukiwa jina la chuo na NTA Level 6. Kiingereza kilikuwa 10, akapata zote. Uzoefu wa miaka mitatu ulikuwa na alama 30, akapata 10, kwa sababu mfumo uliona mwaka mmoja tu, ule wa duka la vifaa vya ujenzi. Marejesho ya VAT yalikuwa 20, akapata sifuri. Sentensi iliyokaribia ilikuwa "kushughulikia mambo ya TRA", na haikuhesabiwa. QuickBooks ilikuwa 20, akapata sifuri, maana programu hiyo haikutajwa popote. Jumla ni 40.

Soma majibu ya namna hii kigezo kwa kigezo, ukijiuliza kila mara ni sababu ipi kati ya zile tatu.

Uzoefu: mfumo haukusoma. Kwenye maandishi waliyotutumia, AMCOS haikuwepo kabisa, sawasawa na tulivyoona kwenye Notepad. Alama 20 zilipotea ingawa habari ilikuwa kwenye ukurasa na jicho la mtu lingeiona. Hapa hatua ni kuomba marekebisho. Tulituma PDF ile ile ya mwanzo pamoja na kile tulichobandika, tukaonyesha ukurasa na sehemu ilipo kazi ya AMCOS, tukaomba mtu aihesabu. Kutuma faili ile ile ni muhimu. Ukituma CV mpya, wanaweza kusema umeongeza mambo baada ya tarehe ya mwisho, na hawatakuwa wamekosea.

VAT: iliandikwa bila ushahidi. Kule dukani mdogo wangu ndiye aliyekuwa akiandaa marejesho ya VAT kila mwezi, yakawasilishwa kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na ndiye aliyelinganisha ripoti za mashine ya EFD na daftari la mauzo. "Mambo ya TRA" hayasemi lolote kati ya hayo. Hata mtu mwenye nia njema hawezi kutoa alama kwa maneno hayo, kwani yanaweza kumaanisha kupeleka bahasha kaunta. Kwa hiyo kwenye kigezo hiki hatukulalamika. Hatua yake ni kuandika upya kwa ajili ya ombi lijalo: ulifanya nini hasa, mara ngapi, kwa kutumia nini, na lugha iwe ya tangazo. Tangazo likiandikwa kwa Kiingereza na likitaja jina la kazi fulani, tumia jina hilo hilo, mradi kweli uliifanya.

QuickBooks: hakuna. Ametumia Tally. Kwa mhasibu, programu hizi mbili zinafanana kwa kazi nyingi, lakini mwajiri alitaja moja na kuipa alama 20. Unaweza kumuuliza afisa kama programu inayofanana inakubalika, na sisi tuliuliza. Jibu lilikuwa kwamba kwa nafasi ile haikukubalika, na tukalipokea. Hatua hapa ni kujifunza au kuomba nafasi nyingine ambazo Tally inatajwa. Usiandike QuickBooks kwenye CV kwa sababu tu umegundua inatafutwa. Kwenye usaili utapewa kompyuta. Na usifiche maneno ya tangazo kwa rangi nyeupe chini ya ukurasa kama wengine wanavyoshauriana. Maandishi yanapotolewa kwenye PDF rangi haionekani, maneno yanabaki, na afisa anayasoma.

Kwa hiyo katika alama 60 zilizokosekana, 20 zilikuwa za kurudishwa mara moja, 20 za kuandikwa vizuri zaidi siku nyingine, na 20 zilikuwa pengo la kweli. Tulipomweleza mdogo wangu hivyo, na sentensi zenyewe zikiwa mbele yake, alitulia. Wewe kama ni afisa unayejibu barua hizi, tafadhali toa majibu ya aina hii. "Wasifu wako haukulingana vya kutosha" inamwacha mtu akibadilisha kila kitu, hata kile kilichokuwa sahihi.

Baada ya marekebisho alama zilifika 60, kiwango cha kupita chenyewe. Lakini usaili ulikuwa umeshafanyika. Hapa ndipo inapouma, na ndiyo sababu nasisitiza barua itumwe siku unayopata alama, usisubiri kufika ofisini kwanza. Tuliomba kwa maandishi kumbukumbu yake isahihishwe ili nafasi ijayo isianze na mwaka mmoja wa uzoefu, nao wakathibitisha kwa maandishi.

CV yake mpya ina safu moja, haina jedwali wala kisanduku, na kila kazi inaanza na cheo, mwajiri, mwezi na mwaka wa kuanza, mwezi na mwaka wa kumaliza. Weka miezi. "2021 hadi 2022" inaweza kusomwa kama miezi miwili au miaka miwili, na mfumo utachagua wenyewe. Namba ya simu aliihamishia ndani ya ukurasa, kwa sababu baadhi ya mifumo huruka kilichoandikwa kwenye kichwa cha ukurasa.

Ukinyamaziwa, kumbusha kwa barua pepe ile ile ili tarehe ya ombi la kwanza ionekane. Wakikataa kukuonyesha taarifa zako au kusahihisha kosa lililo wazi, malalamiko yanapelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ambatisha barua yako, ujumbe wenye alama, PDF uliyotuma na yale maandishi ya Notepad. Tume inashughulikia taarifa zako na jinsi zilivyotumika. Kumlazimisha mwajiri akupe kazi hakumo kwenye ombi hilo, kwa hiyo usiliandike humo.