Kabla hujaliacha gari chini ya kibao cha maegesho Uswidi

Anayesafiri Uswidi na gari la kukodi hupiga picha ya kibao, humtumia ndugu au rafiki anayeifahamu nchi hiyo, kisha huuliza: "Naweza kupaki hapa?" Mara nyingi picha hiyo haitoshi kumjibu. Imekatwa juu na chini, imepigwa usiku, na kinachoonekana ni tarakimu chache tu. Programu ya kutafsiri ya kwenye simu nayo haimsaidii sana. Itatafsiri neno *Avgift* kuwa "ada" na kuzirudisha tarakimu kama zilivyo, basi. Kwenye vibao vya Uswidi maneno ni machache kwa makusudi. Sheria yenyewe imewekwa kwenye mabano, kwenye rangi ya tarakimu, kwenye mshale na kwenye mpangilio wa vibao juu ya nguzo moja, na hayo ndiyo yanayopotea katika tafsiri. Kwa hiyo ni afadhali kujua namna ya kuyasoma kabla ya kufika.

Anza na saa. Vibao vyote hutumia saa 24 zinazohesabiwa tangu usiku wa manane. Kwetu sisi tunaohesabu saa kuanzia alfajiri, kuna mtego hapa. "8–18" ni kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. "0–6" ni kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Msomaji mwenye haraka akiona 8 anaweza kusikia "saa nane" kichwani na kudhani asubuhi yote iko huru. Ukimweleza mtu picha yake, mwandikie saa kwa namna zote mbili, ile ya kibaoni na ile ya Kiswahili, ili asikosee akiwa amesimama barabarani.

Linalofuata ndilo linalowagharimu wageni zaidi. Kibao kinaweza kuwa na mistari mitatu ya saa bila neno lolote la kueleza tofauti yake. Mstari wa kwanza una tarakimu za kawaida, nyeusi au nyeupe kutegemea rangi ya kibao. Huo ni wa siku za kazi. Mstari wa pili una tarakimu ndani ya mabano. Watu wengi huambiwa kwamba mabano ni Jumamosi, na kwa wiki ya kawaida ni kweli, lakini maana kamili ni siku ya kazi inayotangulia Jumapili au sikukuu. Mstari wa tatu una tarakimu nyekundu, nao ni wa Jumapili na sikukuu. Mstari wowote ukikosekana, sharti la kibao hicho halihusu siku za kundi hilo.

Tofauti kati ya "Jumamosi" na "siku inayotangulia sikukuu" si ya kubishania maneno. Uswidi huadhimisha Kupaa kwa Kristo siku ya Alhamisi, na ni sikukuu. Basi Jumatano yake inasomwa kwa mabano, ingawa maduka yamefunguliwa na watu wako kazini. Ni vivyo hivyo kwa tarehe 5 Juni, kwa sababu tarehe 6 ni Siku ya Taifa, na kwa tarehe 30 Aprili, kwa sababu ya Mei Mosi, ilimradi tarehe hizo zenyewe zisiangukie Jumapili au sikukuu nyingine. Kabla ya safari, andika sikukuu zote zinazoangukia ndani ya siku zako za kukaa huko. Bila orodha hiyo utajua ni siku gani ya wiki, lakini hutajua usome mstari upi.

Halafu tazama juu. Tarakimu hazina maana mpaka ujue ziko chini ya alama gani. Alama ya mraba wa buluu yenye herufi P inaruhusu kuegesha, na vibao vilivyo chini yake vinataja masharti: "2 tim" ni saa mbili za kukaa, *Avgift* ni kulipa. Alama ya duara la buluu lenye ukingo mwekundu na mstari mmoja mwekundu wa kukata inakataza kuegesha. Mistari ikiwa miwili, imepishana kama msalaba, hata kusimama hakuruhusiwi. Sasa chukua "8–18". Chini ya P yenye "2 tim", ina maana kwamba kikomo cha kukaa kinabana mchana na kinaondoka jioni. Chini ya duara la mstari mmoja, ina maana kwamba mchana huruhusiwi kuegesha kabisa. Ndiyo maana picha iliyokatwa juu haijibiki, na ni heri anayeulizwa aseme "nitumie nguzo nzima" kuliko kubahatisha.

Picha inayofaa hupigwa mara tatu. Ya kwanza inaonyesha nguzo yote kuanzia juu hadi chini, pamoja na gari lako, ili ijulikane liko upande upi wa mshale. Mshale huonyesha eneo linalohusika linaelekea wapi kutoka kwenye nguzo, na gari likiwa upande wa pili huenda linatawaliwa na nguzo nyingine kabisa. Ya pili ni ya karibu, na usiku zima kwanza taa ya simu inayong'aza kibao, kisha ujaribu na taa ikiwa inawaka. Mwanga wa njano wa taa za barabarani hufanya nyekundu ionekane kama kahawia au nyeusi, na mwanga wa simu ukipiga moja kwa moja hurudi mweupe na kufuta tarakimu. Kama bado una shaka, andika kwa mkono chini ya picha ni mstari upi mwekundu, kwa sababu jicho lako pale penyewe linaona rangi vizuri kuliko kamera. Ya tatu ni ya ukingo wa barabara. Mstari wa njano usiokatika pembeni unakataza kusimama na kuegesha, na ule wa vipande vipande unakataza kuegesha. Wakati wa theluji mistari hiyo inaweza kufunikwa isionekane.

Tuchukue picha moja tuisome hadi mwisho. Ni Jumamosi, saa 20 kwa saa ya kibaoni, yaani saa mbili usiku. Nguzo ina duara la kukataza kuegesha, chini yake "Måndag 0–6". Chini zaidi kuna P, na chini ya P kibao kimeandikwa *Avgift*, kisha "7–21", "(9–19)" na "11–17" ya rangi nyekundu. Msafiri anataka kuliacha gari hadi Jumatatu saa tatu asubuhi, kwa kuwa kesho ni Jumapili na anaamini Jumapili hakuna malipo.

Jioni hiyo yuko sawa. Jumamosi inasomwa kwa mabano, ada iliisha saa 19, na sasa ni saa 20. Jumapili asubuhi pia halipi. Lakini saa 11, yaani saa tano asubuhi, mstari mwekundu unaanza kazi, na kuanzia hapo hadi saa 17, saa kumi na moja jioni, lazima awe amelipia. Akilala bila kulipa, Jumapili mchana anaweza kukuta karatasi ya faini kwenye kioo. Halafu linakuja lile la juu ya nguzo. *Måndag* ni Jumatatu, na 0–6 inaanza pale Jumapili inapomalizika usiku wa manane. Yeye anafikiria Jumatatu asubuhi, kumbe katazo limeanza akiwa bado kitandani Jumapili usiku. Nafasi kama hiyo ya usiku mmoja kwa wiki hutengwa ili magari ya kusafisha barabara au kuondoa theluji yapite. Kulipa ada hakumsaidii hapo, maana aliyelipia maegesho hakununua ruhusa ya kuvunja katazo. Jibu la kumpa ni hili: kaa hadi Jumapili, lipia kuanzia saa tano asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na gari liwe limeondoka kabla ya saa sita usiku.

Kuna mambo ambayo hata picha nzuri haiwezi kuyaonyesha, kwa sababu hayana kibao pale ulipo. Huruhusiwi kuegesha ndani ya mita 10 kabla ya kivuko cha waenda kwa miguu, wala ndani ya mita 10 kutoka ukingo wa barabara inayokatiza kwenye makutano. Pima kwa hatua kubwa, usikadirie kwa macho. Pia katazo linaweza kuwa la eneo zima, ambapo alama imewekwa mlangoni mwa mtaa tu na inaendelea kutawala hadi utakapokutana na alama ya kumaliza eneo. Kwa hiyo ukiingia mtaa mgeni punguza mwendo na utazame alama za mwanzoni, au abiria azipige picha.

Baadhi ya miji huweka maeneo ya aina hiyo yanayofuata tarehe. Siku ya tarehe witiri huegeshi upande wa nyumba zenye namba witiri, na siku ya tarehe shufwa huegeshi upande wa namba shufwa. Tarehe 7, basi, upande wa nyumba namba 3, 5 na 7 umefungwa. Gari lililo mahali pazuri jioni linaweza kuwa kosani baada ya usiku wa manane. Na tarehe 31 hufuatwa na tarehe 1, zote witiri, kwa hiyo usiku huo upande uliofungwa haubadiliki.

Karatasi ikikutwa kwenye kioo, soma kwanza imetoka kwa nani. Ile ya barabara za umma hulipwa ndani ya siku 8, na unalipa hata kama unaipinga. Pingamizi linapelekwa polisi, na ukishinda unarudishiwa fedha. Ile ya ardhi binafsi hutolewa na anayesimamia uwanja huo, na pingamizi linakwenda kwake. Usiiache karatasi ukidhani itasahaulika ukishaondoka nchini, kwani anayedaiwa ni mmiliki aliyesajiliwa wa gari. Kampuni ya kukodisha italetewa deni, nayo inaweza kukukata kwenye kadi pamoja na gharama yake ya kushughulikia, ikiwa mkataba unasema hivyo. Tafuta kifungu hicho kabla ya kusaini, na zile picha tatu usizifute hadi dhamana yako irudishwe.