Kabla hamjazigeuza slaidi za kikundi kuwa katiba ya kusaini

Naandikia wale ambao mwalimu wa hisa alikuja kijijini na projekta, akawaonyesha slaidi kama ishirini hivi, mkapiga makofi, akawaachia faili kwenye flashi na maneno "haya chapeni msaini". Msichape kwanza. Mi nimekuwa katibu wa kikundi cha hisa, cha kuweka na kukopa, huku Masasi na tulichapa hivyohivyo, ngoja niwaambie.

Mambo madogo nayamaliza upesi. Faili ulilopewa lina jina la kikundi kingine, kila slaidi likague maana letu slaidi ya tisa ilikuwa inasema marejesho ni baada ya kuvuna mpunga, na sisi hapa tunaishi kwa korosho. Namba zinazogongana zitafute pia, kwetu faini ya kuchelewa ilikuwa 500 slaidi ya nne afu slaidi ya kumi na tatu ikawa 1,000. Kama una kompyuta yenye PowerPoint bonyeza `File > Export > Create Handouts`, itakutolea slaidi kwenye Word, ila chagua ile ya `Notes below slides` siyo `Outline only`. Hiyo ya mwisho inaacha maandishi yaliyowekwa kwenye viboksi vya pembeni, na zaidi ya hapo chini ya slaidi mwalimu anaweza kuwa ameandika maelezo yake mwenyewe, yale aliyokuwa anayasema kwa mdomo. Mara nyingi sheria yenyewe iko huko, juu kuna vichwa vya habari tu.

Sasa hapo kwenye kusema kwa mdomo ndo kilipotukuta.

Slaidi yetu ya mikopo ilikuwa na mstari mmoja, naukumbuka mpaka rangi yake: "Mkopo: mara 3 ya hisa, riba 10%, miezi 3". Siku ile mwalimu aliueleza karibu nusu saa na mifano, kila mtu akatikisa kichwa. Mi nikaunakili mstari kama ulivyo kwenye katiba, watu ishirini na nne wakasaini, wengine wakaweka dole gumba, tukafunga sanduku kwa kufuli tatu tukaenda nyumbani tumefurahi.

Julai mama mmoja muuza samaki wa kukaanga akakopa. Alikuwa na hisa 50 za shilingi 2,000, yaani 100,000, kwahiyo mara tatu akapewa 300,000. Mama mlipaji hasa, kila mwezi analeta 100,000, na mwezi wa tatu akaja na 130,000 zimefungwa kwenye leso, akaweka mezani, "haya, deni limeisha na riba yake". Mwenyekiti akamwambia mama, riba ni 90,000, asilimia kumi kila mwezi kwa miezi mitatu, bado 60,000. Mhesabu fedha akaingilia, hapana mwenyekiti, riba inahesabiwa kwenye deni lililobaki, mwezi wa kwanza 30,000, wa pili 20,000 kwa kuwa limebaki 200,000, wa tatu 10,000, jumla 60,000, anadaiwa 30,000 tu. Na yule mama anasema mi niliambiwa asilimia kumi, kumi ya laki tatu ni elfu thelathini, nyie hizo zingine mmezitoa wapi?

Oneni wenyewe: 330,000, 360,000 na 390,000, zote tatu zinatoka kwenye mstari uleule na hakuna aliyekuwa anadanganya. Tukafungua katiba, mstari unatuangalia tu. Tukampigia mwalimu, akasema "lakini nilieleza siku ile". Kweli alieleza, ila maelezo hayakusainiwa na mtu. Tulikaa mpaka adhana ya magharibi ikatukuta, watu wakaanza kutajana ukoo. Mwisho tukakubaliana riba iwe 60,000, mama akaenda kwa jirani akaleta 30,000 iliyobaki, na mzunguko uliofuata hakurudi, yeye na mdogo wake. Akinikuta sokoni ananiamkia vizuri kabisa ila samaki ananiuzia bei ya mgeni.

Kwahiyo slaidi ni kikumbusho cha msemaji, msemaji akiondoka yanabaki mafupa. Kila mstari wa slaidi ukiuhamisha uulize: nani, anafanya nini, kiasi gani, lini, na asipofanya inakuwaje. Usipopata majibu yote usijaze kichwani kwako, peleka kikaoni wapige kura. Na penye hesabu weka mfano ndani ya sheria yenyewe. Yetu sasa inasomeka hivi: "Mkopaji atalipa riba ya asilimia 10 (kumi) kila mwezi kwa deni lililobaki. Mfano: aliyekopa 300,000 akirejesha 100,000 kila mwezi, atalipa riba 30,000 mwezi wa kwanza, 20,000 wa pili na 10,000 wa tatu, jumla ya mkopo na riba 360,000." Ni ndefu, ndiyo, lakini hata mjukuu wa darasa la sita anamsomea bibi na wanaelewana.

Ile "mara 3 ya hisa" nayo tukaifungua: ni hisa zilizogongwa muhuri kwenye kitabu chake mpaka siku ya kukopa, siyo anazotegemea kununua. Na sanduku likiwa halitoshi waombaji wote wanapunguziwa kwa uwiano uleule, maana zamani aliyekaa karibu na meza ndo alikuwa anapata.

Kitu kingine cha huku kwetu, msiandike "baada ya korosho". Mnada wa kwanza unaweza kuwa Oktoba, wa kwako ukawa Novemba, na hela ikaingia benki siku nyingine kabisa, kila mtu ana "baada" yake. Andikeni tarehe, na kama mnataka kusubiriana basi andikeni ni siku ngapi za nyongeza na riba inaendelea au inasimama. Walioko Lindi wanaolima ufuta ni vilevile. Hata "kuchelewa" tuliandika ni kufika dakika 15 baada ya saa kumi jioni kwa simu ya katibu, kwa sababu saa ya mwenyekiti ina mambo yake.

Kabla ya kusaini, mpe rasimu mtu ambaye hakuwepo siku ya slaidi, muulize maswali matatu ya hela, usimsaidie. Akijibu tofauti na mnavyojua nyie, sentensi ndo mbovu, siyo yeye. Afu isomwe kwa sauti kikao kizima, kipengele kwa kipengele, wasiosoma wasikie kabla ya dole. Sahihi kwenye kila ukurasa siyo wa mwisho tu, maana ukurasa wa katikati hubadilishwa kirahisi. Tarehe iwepo, na kuwe na kipengele cha kusema katiba inabadilishwaje na kwa kura ngapi, na mkopo uliotolewa kabla ya mabadiliko unamalizwa kwa sheria ya zamani. Mwanachama akifa hisa zake anapewa nani, jina liandikwe kabisa. Kikundi kinatakiwa kusajiliwa chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, mko daraja la nne, kwahiyo nakala moja muende nayo kwa afisa maendeleo ya jamii, moja ikae sandukuni, na nyingine kwa mtu asiyeshika ufunguo.

Na zile slaidi zifuteni kwenye grupu la WhatsApp, kuna watu bado wanazitumia kubishana.