Jina liko kwa Msajili, mali ni ya nani? Somo la kusoma CR12 ya Kenya

Ukiagiza CR12 ya kampuni kwa Msajili kupitia eCitizen, unapata majina ya wakurugenzi, majina ya wanahisa na idadi ya hisa za kila mmoja. Wengi huishia hapo. Karatasi hiyo hujibu swali moja tu: nani ameandikishwa. Anashika hisa hizo kwa ajili ya nani, haisemi.

Tuchukue kampuni ya mfano yenye hisa 1,000. Asha ana 900, Baraka ana 100, na Asha ndiye mkurugenzi pekee. Kampuni binafsi inaruhusiwa mkurugenzi mmoja, mradi awe binadamu. Kumbe Asha ni karani wa ofisi ya wakili, na aliyetoa mtaji ni Chande, ambaye jina lake halionekani popote.

Hatua ya 1: Jua kilichofungiwa kabatini. Kwa kawaida Chande huwa na karatasi nne. Ya kwanza ni tamko la amana, ambamo Asha anakiri kwamba hisa 900 si zake, kwamba atapiga kura anavyoelekezwa na kwamba gawio atalikabidhi. Ya pili ni fomu ya kuhamisha hisa, imesainiwa lakini haina tarehe. Ya tatu ni barua ya kujiuzulu ukurugenzi, nayo haina tarehe. Ya nne ni hati ya uwakala inayomruhusu Chande kuendesha mambo ya kampuni. Asha akianza ukaidi, Chande anajaza tarehe, analipa ushuru wa stempu wa 1% na kupeleka hisa kwa jina jingine. Ukikagua kampuni kabla ya kuinunua, dai karatasi hizi kwa maandishi, kwa sababu kwa Msajili huzikuti.

Hatua ya 2: Fuata pesa. Hapa ndipo siri huvuja. Kampuni ikigawa shilingi 2,000,000, fungu la Asha ni 1,800,000. Kodi ya zuio ya 5%, yaani 90,000, hukatwa kwa PIN yake, kwa hiyo kwenye vyeti yeye ndiye tajiri. Sasa tazama taarifa ya benki: zile 1,710,000 zilizobaki zilikaa kwake siku ngapi, na zikaenda wapi? Uliza pia nani anasaini hundi, na nani aliweka nyumba yake dhamana kampuni ilipokopa. Mwenye jina la kuazima hawezi kukubali kupoteza nyumba kwa deni la mwingine.

Hatua ya 3: Panda ngazi. Mwanahisa akiwa kampuni, agiza CR12 ya hiyo pia, kisha zidisha. Mtu mwenye 30% ya kampuni ya juu, nayo ina 40% ya kampuni ya chini, ana 12% huku chini.

Hatua ya 4: Dai taarifa ya mmiliki halisi. Tangu kanuni za 2020, kampuni inatakiwa kumwandikisha kwa Msajili kila mtu mwenye angalau 10% ya hisa au kura, moja kwa moja au kwa kupitia wengine, au mwenye uwezo wa kuteua na kuondoa mkurugenzi. Chande anaingia hapa. Tatizo ni kwamba daftari hili haliko wazi kwa kila mtu kama CR12, basi mwambie muuzaji akupe nakala mwenyewe. Akisitasita, rudi hatua ya 2.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, wanahisa wanne wenye 9% kila mmoja si wako chini ya kiwango?*
Kila mmoja peke yake, ndiyo. Lakini kama wote wanne wanamshikia mtu mmoja, huyo ana 36% na ni lazima aandikishwe. Dalili za kuangalia: sanduku moja la posta kwa wote, au wote kuingia siku moja.

*Kuna ubaya gani kuweka jina la mtu mwingine? Mimi niko Muscat, shamba la kampuni liko Kilifi.*
Kuweka mwakilishi si kosa. Kumficha mmiliki halisi kwa Msajili ndiko kosa. Na ujue hatari yako mwenyewe, ndugu: mwakilishi akifariki, warithi wake wataonyesha CR12 na kudai hisa ni za marehemu. Bila tamko la amana lenye saini na mashahidi, utabaki kubishana na daftari.

*Nimeombwa niwe mkurugenzi wa jina tu, nilipwe kila mwezi. Nikisema sikujua chochote, nitapona?*
Hapana. Sheria haimsamehi mkurugenzi wa jina tu. Wajibu wako ni sawa na wa mkurugenzi mwingine yeyote, na anayekuelekeza naye anaweza kubanwa kama mkurugenzi kivuli, lakini hilo halikuondoi wewe. Na ukisaini barua ya kujiuzulu isiyo na tarehe, atakayeamua ulitoka lini ni yeye, baada ya kuona madeni ni ya mwezi gani.